Kifungu cha Ajali

30 Januari

Mdogo wangu,

Habari za huko juu kwenye mawe? Sisi huku ni wazima isipokuwa mmoja, na huyo ndiye anayenifanya nikuandikie leo badala ya kungoja Jumapili. Shemeji yako anakusalimu. Anasema suruali yako bado haijapunguzwa kiuno kwa sababu hajui kambi imekukondesha kiasi gani, na yeye hakati nguo kwa kubahatisha. Wapwa zako wanasoma, yule mkubwa kwa bidii, yule mdogo kwa kusukumwa. Maharage yamepanda bei na wateja wananitazama kana kwamba nimeyapandisha mimi.

Sasa lililonileta. Ni mama. Usishtuke, yuko hai, anakula na anagomba kama kawaida. Alianguka jikoni kwake tarehe kumi na tisa asubuhi, nyonga ya kushoto ikavunjika. Walimfanyia upasuaji siku iliyofuata wakamwekea chuma. Daktari wa mifupa anasema kazi imekaa vizuri. Sikukuandikia mapema kwa sababu nilitaka kukupa habari ambayo imeshaisha, ili huko kusikokuwa na simu wala mtandao usikae unawaza.

Lakini haijaisha. Unajua mwaka jana nilikata bima ya matibabu na nikamwingiza mama kama mtegemezi, nikalipa ada ya ziada kwa ajili ya umri wake. Siku alipoanguka nilitoa kadi, hospitali ikawasiliana na kampuni ya bima, na jioni ile ile ikaja barua ya dhamana kwamba watalipa. Nilitembea wodini kama mtu mwenye mali. Jana daktari akamruhusu. Nikaenda na nguo zake safi na teksi ikiwa inasubiri nje, nikafika dirishani kwa mhasibu kuchukua karatasi ya kutokea getini.

Akaniambia, "Mama, bima yenu imejitoa."

Nikamuuliza imejitoa wapi. Akanigeuzia barua. Dhamana ilikuwa ya muda, wakaomba faili la mgonjwa, wakalisoma, wakaona imeandikwa kwamba mama alipata kizunguzungu ndipo akaanguka, na kwamba ana presha. Kwa hiyo kuvunjika kumetokana na ugonjwa uliokuwepo kabla ya bima, na bima yetu haijafikisha miezi kumi na miwili. Ndiyo kwanza iko mwezi wa nane. Hawalipi hata senti. Halafu akanipa hesabu yenyewe. Mdogo wangu, ukiuza kila gunia lililomo kibandani kwangu, na kibanda chenyewe, bado utatafuta mtu wa kukuongezea.

Mpaka ilipwe, mama hatoki. Teksi iliondoka. Nilirudi wodini nikamwambia daktari anataka amwangalie siku mbili tatu zaidi. Aliniangalia, akaanza kukunja upya zile nguo.

Naogopa. Sijawahi kukuandikia hivyo, lakini naogopa.

Dada yako

12 Februari

Dada,

Barua yako imefika leo na lori la vyakula. Mimi mzima, mashine ya kusaga kokoto ndiyo mgonjwa, imevunja meno mawili na mkubwa wa kambi anataka niiponye kwa maombi. Wasalimie wote. Shemeji mwambie apunguze vidole vitatu.

Mama ameanguka tarehe kumi na tisa na mimi nasoma leo. Sawa. Nimesoma nimetulia.

Nilikuambia mapema kwamba bima ni watu wa kuchukua. Ukaniambia nimepitwa na wakati. Haya, sasa kadi yako iko wapi? Uza kibanda. Magunia utanunua tena, mama hutamnunua. Naambatanisha mshahara wa mwezi huu wote, nimebakiza wa sabuni tu.

Na nataka unijibu jambo moja. Mama alikuwa peke yake jikoni? Mke wangu alikuwa wapi? Nilimwacha pale kwa mama kwa kazi moja tu, na aliijua kazi yenyewe, maana nilimweleza mara nyingi na kwa sauti ya kusikika. Mwanamke huyo hajaniandikia tangu mwaka uanze. Nijibu.

Mdogo wako

20 Februari

Mdogo wangu,

Nashukuru kwa pesa, zimefika bila kupungua. Umebakiza za sabuni lakini hukubakiza za chakula, na usidhani sikuona. Shemeji yako anasema vidole vitatu ni vingi mno, utaonekana kama umevaa ya mtoto. Huku mvua imeanza na paa la soko linavuja palepale linapovuja kila mwaka, juu ya mchele wangu.

Umeuliza wifi alikuwa wapi. Alikuwa nyumbani. Mama tumemhamishia wodi kubwa ya vitanda vingi ili gharama ya kila usiku ipungue. Amepata kikohozi. Wanasema ni kwa kulala sana, wamempa mazoezi ya kupumua, apulize kwenye kichupa mpaka kijipira cha ndani kipande juu. Anapuliza huku akinitukana kwa macho.

Kibanda sijauza. Ngoja nikueleze kabla hujakasirika.

Wakala aliyeniuzia bima hapokei simu yangu. Kumbe siku ile alinipa kadi na kijitabu chenye picha ya familia inayocheka, mimi nikadhani huo ndio mkataba. Nikaenda ofisini kwao. Dada wa mapokezi, mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni, aliniuliza nataka nini, nikamwambia nataka kusoma nilichonunua. Akanichapia mkataba wote. Ni mnene, mdogo wangu. Ukimpiga nao mwizi anaanguka.

Siku tatu za kwanza niliusoma kama mtu anayetafuta mahali alipotukanwa. Nilirukia palipoandikwa "haitalipiwa" na kila mstari ulinipiga. Nikafunga, nikalia nyuma ya magunia, nikarudi kwa yule dada. Akaniambia sisomi vibaya, naanzia pabaya. Anza na jedwali, akasema, lile lenye majina yenu. Halafu tafsiri ya maneno, halafu mafao, kisha yasiyolipiwa, mwisho masharti. Na popote utakapoona neno limekolezwa wino, usilielewe kwa akili yako. Rudi kwenye tafsiri uone wao wanalielewa vipi.

Basi ndivyo ninavyosoma, katikati ya mteja na mteja, penseli sikioni. Jirani yangu wa vitunguu anauliza nasomea uwakili wa maharage.

Jedwali liko sawa: mama yupo, kwa jina lake na umri wake. Presha yake niliitaja wazi siku ya kujiunga, na wameiandika. Hilo ni jema, maana ningeificha wangekuwa na haki ya kututupa nje wote. Kwenye yasiyolipiwa ndipo pana ule mwiba: ugonjwa uliokuwepo kabla, "pamoja na madhara yatokanayo nao", haulipiwi katika miezi kumi na miwili ya kwanza. Madhara yatokanayo nao. Hapo ndipo wamemkamatia mama. Presha ilileta kizunguzungu, kizunguzungu kikaleta kuanguka.

Lakini kurasa mbili mbele, kwenye muda wa kusubiri, nimekuta mstari mmoja mfupi. Unasema muda wa kusubiri hauhusu matibabu ya jeraha lililosababishwa na ajali. Ajali imekolezwa wino. Nikarudi kwenye tafsiri. Ajali ni tukio la ghafla, lisilotarajiwa, linalotokana na kitu cha nje kinachoonekana. Kizunguzungu kiko ndani ya mtu, kwa hiyo si ajali. Ngazi ikivunjika ni ajali. Ukikwaa zulia ni ajali.

Unaona tulipo? Mama angekuwa amejikwaa tu, wangelipa tangu siku ya kwanza. Naweza kukata rufaa kwa maandishi ndani ya siku sitini tangu tarehe ya barua yao, mwisho wake tarehe thelathini Machi. Ila rufaa inataka kitu kipya, na faili linasema kizunguzungu, na aliyekisema ni mama mwenyewe, kwa mdomo wake, muuguzi akiandika.

Na jambo jingine limo humo, nalo ndilo linaninyima usingizi. Bima hulipia siku za kitandani zenye sababu ya kitabibu tu. Mama aliruhusiwa tarehe ishirini na tisa Januari. Kila usiku tangu siku hiyo ni wetu, hata tukishinda.

Dada yako

3 Machi

Dada,

Mimi mzima. Mashine imepona bila maombi. Huku baridi, maji ya kuoga ni adhabu. Mpe mama pole, mwambie akipulize hicho kichupa, asilete ubishi wake.

Nimesoma habari za ajali mara mbili na sioni tatizo liko wapi. Andika kwamba aliteleza. Basi. Nani alikuwepo wa kubisha? Mwambie mama aseme aliteleza kwenye maji, muuguzi alisikia vibaya, wazee hawasikiki vizuri wakiwa na maumivu. Wao walikuwa wajanja kwenye karatasi, na sisi tuwe wajanja kwenye karatasi. Usikae na penseli sikioni huku mama anakohoa.

Hujanijibu kuhusu mke wangu. Umeandika "alikuwa nyumbani" kama polisi. Nilipokuwa naondoka nilimwambia mbele yako kuhusu ile sakafu ya jikoni, isiachwe na utelezi. Nilimwambia. Nikisikia kuna jambo pale mnanificha, nitashuka na lori bila ruhusa, na wewe unanijua.

Mdogo wako

8 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zote zimefika. Sisi tuko vilevile, wapwa zako wazima, shemeji yako ameshona sare za shule nzima na bado hajalipwa. Kikohozi cha mama kimepungua, lakini amekonda, na juzi kidonda kimeanza kwenye kisigino kwa kulalia upande mmoja. Muuguzi ananifundisha kumgeuza. Ninapomgeuza nauhisi uti wote wa mgongo. Soma hii barua mpaka mwisho kabla hujasimama.

Nikisema aliteleza nami sijui kama aliteleza, nimekwisha. Kifungu kimo kwenye masharti: taarifa ya uongo katika kudai inaifuta bima yote, kwa wote waliomo, na ada hairudi. Mimi, shemeji yako, watoto, mama. Na wana watu wao. Dada wa miwani alinieleza, dai kubwa lililobadilishwa maelezo halipiti hivihivi. Mkaguzi wa madai huja mpaka nyumbani, akaangalia mahali, akauliza kila mtu peke yake.

Kwa hiyo sikwenda kwa mama na maneno ya kumlisha. Nilienda na mkataba. Nilimsomea kile kifungu cha yasiyolipiwa, kisha kile cha ajali, polepole, na maana ya neno lenyewe. Nikamwambia, "Mama, sikuambii useme nini. Nakueleza tu ni kitu gani kinatufungia mlango. Ile asubuhi ulisikia kizunguzungu?"

Aliutazama mkataba mkononi mwangu. Akauliza, "Na nikisema sikusikia?"

"Basi daktari ataulizwa vipimo vya siku ile vilionyesha nini."

"Vilionyesha nini?"

Nilikuwa nimeshauliza, mdogo wangu. Presha yake wakati anafikishwa ilikuwa nzuri kuliko yangu. Moyo mzima, sukari sawa. Hakuna walichokiona cha kumwangusha mtu. Nikamwambia hivyo. Mama akageukia ukutani, na unajua kwa nyonga ile kugeuka ni kazi gani.

Akasema, "Najua nilivyoanguka. Ninyi hamjui, na hamtajua mpaka nione barua. Mwanangu amwandikie mkewe kwa mkono wake. Aandike kwamba lolote lililotokea jikoni siku ile hatampandishia sauti, hatamfukuza, hatalitaja. Niisome mimi kwanza. Hapo nitasema, na nitatia sahihi."

Nilimbembeleza. Nilimtishia na tarehe thelathini. Nilimwambia kila usiku anaolala pale unatoka mfukoni mwetu na hakuna bima itakayourudisha. Akaniambia nimpe kichupa chake apulize.

Najua unachowaza sasa hivi. Sikuulizi unawaza nini. Wifi naye nilimwendea, akaniwekea chai. Sikumuuliza neno, nikainywa chai, nikaondoka.

Lori linarudi kwenu keshokutwa. Likishuka tena ni wiki ya mwisho ya mwezi. Barua hiyo isiposhuka nalo, hakuna rufaa. Na usishuke nalo wewe. Nakuomba.

Dada yako

19 Machi

Dada,

Kwa hiyo ni yeye.

Nimetembea mpaka kwenye shimo la mawe nikarudi. Nimefanya hivyo mara kadhaa, mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilianza barua ya kwanza nikaichana, maana ilikuwa na neno "sakafu" katika mstari wa pili. Ya pili pia nimeichana. Hii niliyoiweka ndani nimeifunga kwa gundi, usiifungue wewe. Apewe mama, kisha apewe yeye. Sijui hata nimeandika nini. Sijawahi kumwandikia mke wangu barua isiyokuwa na maagizo.

Niliwaza kuja. Nilipanda nyuma ya lori nikakaa juu ya magunia matupu. Nikashuka.

Nina swali na sitaki unizungushe. Mama ana nyonga iliyovunjika. Alikuwa chini pale, anaumia, na kitu cha kwanza alichofikiria ni kutunga uongo ili mimi nisijue. Halafu amekaa nao miezi miwili. Mnaniogopa? Ninyi wote? Au ni mama tu na utu uzima wake?

Wasalimie.

Mdogo wako

24 Aprili

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa kwa mama. Yuko kitandani kwake, dirisha limefunguliwa kwa sababu anasema hewa ya hospitali imemganda puani. Shemeji yako ametengeneza reli ya mbao ukutani mpaka chooni. Ni mbovu, lakini inashikika. Wapwa zako wamefunga shule. Utanisamehe kwa kuchelewa, nilitaka safari hii niandike kitu ambacho kimeisha kweli.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na saba. Nilimpa mama wodini. Aliisoma mara moja, akaikunja, akasema, "Inatosha. Lete kalamu." Wifi alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi. Mama akampa mkononi. Hakuna aliyenionyesha mimi, na sikuomba.

Ilikuwa sabuni. Wifi alipiga deki sakafu ya jikoni kwa sabuni ya unga, akaitwa na jirani, akasahau kusuuza. Mama akaingia kuchukua kikombe. Wifi alimkuta chini akapiga magoti kwenye povu lile lile, akawa anasema, "Atanifukuza, mama, aliniambia atanifukuza." Ndipo mama akamwambia akaushe sakafu kabla hajaita watu. Alilala pale na nyonga imevunjika akisubiri sakafu ikaushwe. Walipofika watu, alikuwa ameshapata kizunguzungu chake.

Mama alitia sahihi maelezo yake, pamoja na sababu ya kusema vingine mwanzoni. Wifi aliandika yake. Daktari alikataa kufuta kitu kwenye faili, akasema faili halifutwi, bali aliongeza taarifa ya nyongeza yenye tarehe ya siku hiyo: mgonjwa amefafanua maelezo, vipimo vya siku ya kulazwa havikuonyesha sababu ya kitabibu ya kuanguka, jeraha linalingana na kuteleza. Nikaandika barua ya rufaa, nikataja kifungu cha muda wa kusubiri na tafsiri ya ajali kwa namba zake. Niliipeleka kwa mkono siku moja kabla ya mwisho, nikasimama mezani mpaka nakala yangu ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Dada wa miwani aliupiga muhuri kwa nguvu.

Mkaguzi alikuja wiki iliyofuata, mwenye viatu safi kiasi kwamba niliogopa kumkanyagia. Aliomba kuonyeshwa jikoni na wifi peke yake. Mimi nilibaki uani nikisikia. Akamuuliza alisafisha kwa kitu gani. Sabuni ya unga. Mlango unafungukia wapi. Mama alianguka kichwa kikielekea wapi. Kila jibu lilikuwa dogo kuliko lililotangulia. Kisha akamuuliza, "Kama ni hivyo, kwa nini mgonjwa alisema kizunguzungu?"

Niliona bima yetu yote inakatika pale, maana angesema neno moja la kujikinga lisilolingana na la mama, sisi ndio waongo. Wifi akasema, "Kwa sababu yangu. Nilimwomba mama, mume wangu asijue." Mkaguzi akaandika. Akauliza mume yuko wapi. Kambini. Akaandika na hilo.

Jibu lilikuja tarehe kumi na saba. Wamekubali kuwa ni ajali. Wamesema maelezo ya kwanza hayakutolewa ili kupata malipo, yaliwanyima malipo wenyewe walioyatoa, kwa hiyo si udanganyifu wa kudai. Upasuaji, chuma, dawa na siku za wodini hadi kuruhusiwa, wanalipa. Tunachangia asilimia kumi, kwa sababu ndivyo ilivyo kwa mzazi aliyepita miaka sitini. Ilikuwepo kwenye jedwali muda wote, mimi ndiye sikuisoma. Siku za mwanzo nilizomweka chumba cha watu wawili, tofauti ya bei ni yetu, mkataba unaruhusu wodi ya vitanda vinne. Fremu ya kutembelea haimo kabisa.

Na zile siku za kitandani tangu alipostahili kutoka, kama nilivyokuambia, hawalipi. Hospitali imepunguza nusu baada ya mimi kwenda kwa mhasibu mkuu asubuhi nne mfululizo na kukaa. Nusu iliyobaki nimesaini kulipa kidogo kidogo. Kibanda ninacho, lakini upande wa mchele nimempangisha jirani wa vitunguu, na sasa maharage yangu yananuka vitunguu. Hiyo ndiyo bei ya sakafu kukaushwa kwanza.

Mama anatembea mpaka mlangoni na kurudi. Hatapata mwendo wake wa zamani, daktari ameshasema. Tungemtoa Januari akaanza mazoezi nyumbani, labda angeupata. Hilo nalo halimo kwenye mkataba wowote.

Sasa swali lako. Nimelikwepa kwa kurasa zote hizi, umeona.

Ndiyo. Tunakuogopa. Si mama tu na utu uzima wake. Mama alijua presha, alijua nyonga, hakujua kifungu, lakini hata nilipomsomea kifungu alichagua kubaki kwenye kitanda cha deni kuliko sauti yako. Na mimi niliyekubeba mgongoni, nilikaa siku kumi na moja kabla ya kukuandikia kwamba mama yako ameanguka. Nilikuambia nilitaka habari iliyokwisha. Sikutaka hivyo. Nilikuwa natafuta namna ya kuiandika ambayo haitakufanya uulize nani alikuwa jikoni.

Hujawahi kumpiga mtu, najua, na utaniambia hivyo. Hukuwahi kuhitaji.

Likizo yako inaanza mwezi ujao. Jana wifi ameniuliza utafika siku gani. Nikamuuliza, anataka kujua ili apike au ili aondoke kabla. Alikuwa anamvalisha mama soksi. Aliendelea kumvalisha, akavuta ya pili mpaka ikakaa.

Andika siku utakayokuja. Mwandikie yeye, si mimi.

Dada yako